Pita Mstari kwa Mstari

Chukua jedwali la lugha ya C lenye mistari 4,096 na safu 4,096, kila namba ikichukua baiti 8. C hupanga mstari mzima mfululizo kwenye kumbukumbu, kisha unaofuata. Prosesa ikiomba namba moja, kwa kawaida kache huletewa fungu zima la baiti 64, yaani namba 8 zilizo jirani. Ukijumlisha kwa mstari, zote 8 zinatumika. Ukishuka kwa safu, kila hatua inaruka baiti 32,768: unatumia namba moja tu, na ukirudi kuzitafuta zile 7, fungu limeshaondolewa. Jibu ni lilelile, ila prosesa hushinda ikisubiri. Jedwali dogo linaloenea kwenye kache halionyeshi tofauti kubwa. Fortran hupanga kinyume; huko pita kwa safu.