Sheria Iliyotafuta Damu Vitabuni

Mwanaisimu akutanapo na neno zito katika sheria, huuliza: neno hili limefafanuliwa kwa neno gani jingine? Swali hilo likielekezwa kwa sheria za Nuremberg, zilizopitishwa Ujerumani tarehe 15 Septemba 1935, hufichua kioja. Sheria hizo zilidai kulinda "damu" ya Kijerumani, ilhali hazikueleza Myahudi ni nani.

Maelezo yalitolewa katika kanuni ya tarehe 14 Novemba mwaka uo huo. Myahudi, ilisema, ni mtu ambaye angalau watatu miongoni mwa babu na nyanya zake wanne ni Wayahudi kamili kwa nasaba. Je, babu huyo angetambuliwaje? Ikiwa alikuwa mfuasi wa jumuiya ya dini ya Kiyahudi, basi alihesabiwa Myahudi kamili pasi na uchunguzi zaidi.

Hapo ndipo hoja ilipojizunguka. Damu haikuwa na kipimo, kwa hiyo dini ikashika nafasi yake. Chukua mfano wa nyanya aliyezaliwa katika ukoo wa Kikristo, kisha akaingia dini ya mumewe Myahudi. Wajukuu wake walipohesabiwa, naye aliwekwa katika safu ya Wayahudi kamili. Kinyume chake, mjukuu aliyebatizwa utotoni na kulelewa kanisani hakuokolewa na ubatizo wake ikiwa watatu kati ya wazee hao walikuwa wa dini ya Kiyahudi. Aliyekuwa na wawili aliitwa chotara. Lakini ikiwa yeye mwenyewe alikuwa mfuasi wa dini hiyo, au mwenzi wake wa ndoa alikuwa Myahudi, alihesabiwa Myahudi.

Ushahidi ulitoka wapi? Usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo ulienea Ujerumani nzima mnamo 1876 tu. Mtu mzima wa mwaka 1935 aghalabu alikuwa na babu aliyezaliwa kabla ya hapo. Kwa sababu hiyo alilazimika kuomba nakala kutoka kwa vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa, ambavyo wachungaji na makarani wao walivipekua. Nakala hizo zilinakiliwa katika kijitabu cha nasaba na kuthibitishwa kwa mhuri.

Katika sensa ya tarehe 17 Mei 1939, serikali iliuliza moja kwa moja. Kila kaya ilipewa kadi ya nyongeza, iliyotaka kujua kuhusu kila mmoja wa wale wazee wanne kama alikuwa Myahudi. Kadi ilirejeshwa ndani ya bahasha iliyofungwa, kana kwamba siri ingehifadhiwa.

Walimu na wanafunzi wa historia wazingatie jambo hili. Karani aliyeandika dini ya mtoto mchanga mwaka 1850 hakuwa na nia mbaya. Alitimiza desturi ya kanisa lake. Miaka tisini na mmoja baadaye, mnamo Oktoba 1941, uhamishaji mkubwa wa Wayahudi kutoka Ujerumani ulipoanza, safu ile ya kitabuni iliweza kuamua ni mjukuu yupi angepandishwa garimoshi.