Mbio za Rudisha Kwenye Karatasi ya Grafu

Tarehe 9 Agosti 2012, kwenye Michezo ya Olimpiki jijini London, David Rudisha wa Kenya alikimbia meta 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Aliongoza tangu mwanzo bila mtu wa kumvutia kasi, na akawa wa kwanza duniani kumaliza mbio hizo chini ya dakika 1 na sekunde 41. Alipita meta 200 kwa sekunde 23.4, meta 400 kwa sekunde 49.28, meta 600 kwa sekunde 74.30, kisha akakata utepe kwenye sekunde ya 100.91.

Vipimo hivyo vinne, pamoja na sifuri ya kuanzia, vinatosha kuchora grafu mbili ambazo kila mwanafunzi wa fizikia hukutana nazo: ya umbali na muda, na ya kasi na muda. Zote mbili zinasimulia mbio zilezile, ila kila moja ina namna yake ya kusomwa. Mwanafunzi anayeisoma moja kwa kanuni za nyingine hupoteza alama hata kama hesabu zake ni safi.

Mstari unaopanda

Tuanze na umbali. Muda tunauweka kwenye mhimili wa chini, sentimeta 1 kwa kila sekunde 10. Umbali tunauweka kwenye mhimili wa wima, sentimeta 1 kwa kila meta 100. Tukiweka alama zetu tano na kuziunganisha kwa rula, tunapata mstari unaopanda kutoka kona ya chini kushoto hadi juu kulia.

Mstari huu si picha ya uwanja. Rudisha alizunguka uwanja mara mbili na kupita kona nne, lakini kwenye karatasi hakuna kona hata moja. Grafu inajibu swali moja tu: kufikia sekunde fulani, alikuwa amekwisha kukimbia meta ngapi? Ndiyo maana mstari wa umbali uliokimbiwa hauwezi kushuka. Ukilala, mkimbiaji amesimama: muda unaenda, meta haziongezeki.

Ukali wa kupanda kwa mstari, yaani mteremko wake, ndio kasi. Kuutafuta ni kujiuliza: katika kila sekunde moja, mstari umepanda meta ngapi? Chukua kipande cha kwanza. Mstari umepanda meta 200 katika sekunde 23.4. Gawanya 200 kwa 23.4, unapata meta 8.55 kwa sekunde. Kipande cha pili kinaanza sekunde ya 23.4 na kuishia 49.28, kwa hiyo kimechukua sekunde 25.88. Gawanya tena 200, unapata 7.73. Kipande cha tatu kinatoa 7.99, na cha nne 7.52.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: kugawanya 49.28 kwenye 400 na kudhani hiyo ni kasi ya kipande cha pili. Hiyo ni kasi ya wastani tangu mwanzo. Mteremko wa kipande hupatikana kwa mabadiliko ya kipande hicho chenyewe, yaani meta zilizoongezeka kugawanywa kwa sekunde zilizoongezeka. Mtego wa pili ni kupima sentimeta kwa rula badala ya kusoma namba za mhimili. Kwenye karatasi yetu kipande cha kwanza kimepanda sentimeta 2 na kwenda kulia sentimeta 2.34. Ukigawanya sentimeta kwa sentimeta unapata 0.85, namba isiyo kasi ya mtu yeyote. Ukibadilisha skeli, mstari utaonekana mkali zaidi au umelala zaidi, lakini meta 8.55 kwa sekunde haitabadilika.

Sasa itazame grafu hiyo kwa macho tu, bila kukokotoa. Kipande cha kwanza kimeinuka kwa takriban digrii 40 na cha pili kwa digrii 38. Nani angeona tofauti hiyo? Mstari mzima unaonekana kama umenyooka, na siri ya mbio imefichika ndani yake. Ndipo grafu ya pili inapohitajika.

Mistatili minne

Kwenye karatasi nyingine muda unabaki chini kwa skeli ileile, lakini mhimili wa wima sasa ni wa kasi, sentimeta 1 kwa kila meta 1 kwa sekunde. Tunachora kasi nne tulizopata. Kutoka sifuri hadi sekunde 23.4 mstari umelala kwenye 8.55. Kisha unashuka hadi 7.73, unapanda hadi 7.99, na mwisho unashuka hadi 7.52.

Kilichojificha sasa kiko wazi. Rudisha alianza kwa nguvu, akapunguza mwendo kwenye meta 200 za pili, kisha akaongeza tena kabla ya meta 200 za mwisho. Lakini angalia mstari ulivyobadilika maana. Mstari uliolala, ambao kwenye grafu ya kwanza ungesema mtu amesimama, hapa unasema anakimbia kwa kasi isiyobadilika. Na pale uliposhuka, Rudisha hakurudi nyuma. Aliendelea mbele, kwa kasi ndogo zaidi.

Kila kipande, kikishushwa hadi mhimili wa chini, kinafanya mstatili. Wa kwanza ni mrefu na mwembamba: kimo 8.55, upana 23.4. Zidisha, unapata 200. Wa mwisho ni mfupi na mpana: kimo 7.52, upana 26.61. Zidisha, unapata tena 200. Maumbo manne tofauti, eneo lilelile, kwa sababu kila moja ni meta 200 za mbio.

Hiyo ndiyo maana ya eneo chini ya mstari. Kimo ni meta kwa sekunde, upana ni sekunde, na ukizizidisha, sekunde zinafutana na zinabaki meta. Vizio hivi ni mlinzi mzuri wa kukumbuka. Kwenye grafu ya umbali unagawanya meta kwa sekunde, unapata kasi. Kwenye grafu ya kasi unazidisha, unapata umbali. Eneo chini ya mstari wa grafu ya kwanza lingekupa meta zilizozidishwa kwa sekunde, kitu kisicho na kazi hapa. Mstari ukiwa umepinda, hesabu miraba iliyo chini yake. Kwa skeli yetu, kila mraba wa sentimeta moja una thamani ya meta 10, kwa hiyo chini ya mstari wote pana miraba 80.

Lakini mistatili hii ina kasoro moja. Inadai kwamba Rudisha aliruka kutoka sifuri hadi 8.55 papo hapo baada ya bunduki kulia. Hakuna mwili unaoweza hivyo. Tulichochora ni wastani wa kila meta 200. Kasi yake halisi ilianza sifuri ikapanda, na kwa kuwa wastani ni 8.55, lazima kuna mahali alipopita kasi hiyo ili kufidia sekunde za mwanzo. Tungepata vipimo vya kila meta 10, mistatili ingekuwa myembamba na vilele vyake vingeanza kufanana na mkunjo.

Mstari unaopanda kwenye grafu ya kasi

Ili kuona kasi inavyobadilika hatua kwa hatua, tuondoke uwanjani twende kituo cha basi. Basi linaanza kuondoka wakati uleule bodaboda inapopita kando yake kwa meta 10 kwa sekunde bila kubadilisha mwendo. Tuseme basi linaongeza kasi kwa meta 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwenye grafu ya kasi, bodaboda ni mstari uliolala kwenye 10. Basi ni mstari unaopanda kutoka sifuri. Mteremko wa mstari huu unaitwa mchapuko, yaani kasi inaongezeka kiasi gani kwa kila sekunde.

Mistari hiyo miwili inakutana sekunde ya 10. Wanafunzi wengi huandika kwamba hapo basi limeifikia bodaboda. Sivyo. Hapo kasi zao ndizo zimelingana. Pima maeneo. Bodaboda ina mstatili wa 10 mara 10, meta 100. Basi lina pembetatu, nusu ya 10 mara 10, meta 50. Basi bado liko nyuma meta 50, na hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote, kwa sababu kuanzia hapo ndipo basi linakwenda haraka zaidi. Sekunde ya 20 mstatili wa bodaboda una meta 200, na pembetatu ya basi, nusu ya 20 mara 20, ina meta 200 pia. Hapo ndipo wanapokutana. Kwenye grafu ya umbali, kukutana kwa mistari kungekuwa kukutana kwa vyombo barabarani. Kwenye grafu ya kasi, usidai wamekutana kabla ya kulinganisha maeneo.

Sasa basi lina kasi ya meta 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa. Mbele yake ng'ombe anaingia barabarani. Dereva anachukua sekunde 1 kabla mguu haujakanyaga breki, na katika sekunde hiyo mstari umelala kwenye 20: mstatili wa meta 20. Kisha breki zinapunguza kasi kwa meta 5 kwa sekunde katika kila sekunde, na mstari unashuka hadi sifuri kwa sekunde 4. Pembetatu hiyo ni nusu ya 4 mara 20, meta 40. Jumla ni meta 60 kabla basi halijasimama.

Laiti dereva angekuwa kwenye nusu ya kasi hiyo, meta 10 kwa sekunde. Mstatili ungekuwa meta 10. Breki zilezile zingechukua sekunde 2, na pembetatu ingekuwa nusu ya 2 mara 10, meta 10. Kasi imepungua mara mbili, lakini pembetatu ya breki imepungua mara nne, kwa sababu kimo chake na upana wake vyote vimekatwa nusu. Jumla ni meta 20.

Mvua ikinyesha, breki zikaweza kupunguza meta 2.5 tu kwa sekunde katika kila sekunde, mteremko wa kushuka unalegea. Kutoka kasi ya 20 pembetatu inatanuka hadi sekunde 8, na eneo lake linakuwa meta 80. Ukiongeza meta 20 za kabla ya kukanyaga breki, basi linahitaji meta 100 ili lisimame, na ng'ombe aliye meta 70 mbele yake hana nafasi hiyo.