Maiki Ikifunguka, Muziki Unanyauka

Unasikiliza taarabu kwenye kompyuta mpakato, vipokea sauti vya Bluetooth viko masikioni, kinanda na fidla vinasikika kila kimoja mahali pake. Muda wa mkutano wa video unafika, unabonyeza kujiunga. Papo hapo besi inatoweka, masikio yote mawili yanapata sauti ileile moja, na mwimbaji anasikika kama kafungiwa ndani ya kopo. Wengi hudhani vifaa vimeharibika au betri inakwisha. Kumbe vifaa vizima. Kilichobadilika ni njia ambayo sauti inapita.

Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti, na kila moja ina kanuni zake. Ya muziki huitwa A2DP. Hii hupeleka sauti upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta au simu hadi masikioni, na kwa kodeki ya kawaida ya SBC inaweza kubeba takribani kilobiti 328 kwa sekunde. Kwa kuwa msikilizaji wa muziki hamjibu mwimbaji, vipokea sauti huweka akiba ndogo ya sauti kabla ya kuicheza, na kipande kikipotea angani huombwa tena.

Njia ya pili ni HFP, iliyotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Hapa sauti lazima iende na kurudi kwa wakati mmoja, tena bila kuchelewa, maana ukichelewa hata kidogo mnaanza kukatizana maneno. Kwa hiyo redio hutenga nafasi zake kwa zamu zisizobadilika, na kila upande hupata kilobiti 64 tu kwa sekunde. Hakuna stereo, wala hakuna muda wa kuweka akiba kubwa.

A2DP haina nafasi ya kurudisha sauti ya maikrofoni. Ndiyo maana programu yoyote ikiomba maiki iliyo kwenye vipokea sauti, kompyuta hulazimika kuhamia HFP, na muziki unahama nayo hata kama wewe hujatamka neno.

Ubaya wa sauti hutegemea kodeki ya HFP. Ile ya zamani, CVSD, hubeba masafa yaleyale ya simu za mezani, takribani hezi 300 hadi 3,400. Besi iko chini ya hapo. Juu ya hapo ndipo ulipo mvumo mwingi unaotenganisha "s" na "f", na ndiyo maana mtu akisema "sisi" unaweza kusikia "fisi". Mwaka 2011 ilikuja mSBC, ambayo kwa nafasi ileile hupakia sauti kwa ufanisi zaidi na kufikia karibu hezi 7,000. Maneno yakawa wazi, ila muziki bado ni mkavu.

Kuthibitisha ni rahisi. Cheza wimbo, kisha fungua programu ya kurekodi sauti na uchague maiki ya vipokea sauti. Wimbo ukinyauka pale kurekodi kunapoanza, na ukarudi uzima sekunde chache baada ya kufunga programu, basi tatizo ni kuhama njia. Ukibaki mbovu hata hakuna programu inayotumia maiki, tafuta sababu nyingine.

Dawa ya mkutano wa kwenye kompyuta ni kuziachia spika za masikioni kazi ya kusikiliza tu, na maiki iwe ya kompyuta yenyewe. Katika Windows 10, kifaa kimoja huonekana mara mbili: jina lenye "Stereo" na lingine lenye "Hands-Free AG Audio". Kwenye mipangilio ya programu ya mkutano, chagua lenye "Stereo" kwa kusikiliza, na maiki ya kompyuta kwa kuongea. Ukibadilisha moja ukaacha la pili, HFP inabaki. Windows 11 mara nyingi huonyesha jina moja tu. Hapo kinachoamua ni maiki uliyochagua. Gharama yake ni kwamba maiki ya kompyuta husikia pia vibonyezo vya kibodi na kelele za chumbani.

Kwa simu ya kawaida ujanja huu hausaidii sana, kwani mtandao wenyewe huweka mpaka. Simu ikipita kwenye 2G, sauti imeshabanwa kabla haijafika kwenye Bluetooth, na vipokea sauti vya bei yoyote haviwezi kurudisha kilichokatwa.

Suluhisho la msingi ni LE Audio, iliyoletwa na Bluetooth 5.2 mwaka 2020. Kodeki yake, LC3, inaweza kupeleka stereo masikioni huku maiki ikirudisha sauti nzuri. Lakini ni lazima vifaa vyote viwili viikubali. Kabla ya kununua, angalia kama maneno "LE Audio" yameandikwa kwenye boksi, namba 5.2 au 5.3 peke yake haitoshi.