Megabaiti 30 zinazokula gigabaiti 2.6

Folda ya megabaiti 30 inaweza kugoma kuingia kwenye flashi yenye gigabaiti 2 zilizo wazi. Wanaokusanya takwimu kwa simu hukutana na jambo hili mara kwa mara. Kila dodoso likijazwa linahifadhiwa kama faili yake, na utafiti ukiisha kuna faili 20,000, kila moja ikiwa na baiti kama 1,500 za maandishi. Ukijumlisha urefu wa faili hizo unapata baiti milioni 30. Ukianza kuzinakili, flashi inajaa kabla kazi haijaisha. Wengi hudhani ni kirusi, au flashi ni feki.

Hesabu zote mbili ni sahihi, ila zinapima vitu viwili tofauti. Kwenye Linux amri ya ls hueleza faili ina baiti ngapi za maudhui. Amri ya du hueleza diski imetoa nafasi kiasi gani kwa ajili ya faili hiyo. Jaribu na faili yenye neno moja tu:

```
$ printf 'Habari' > salamu.txt
$ ls -l salamu.txt
-rw-r--r-- 1 asha asha 6 Mar  3 09:14 salamu.txt
$ du -h salamu.txt
4.0K    salamu.txt
```

Neno «Habari» lina herufi sita, kwa hiyo ls inasema 6. Lakini du inasema kilobaiti 4, yaani baiti 4,096. Hizo nyingine 4,090 zimekwenda wapi?

Hazijaenda popote, zimefungwa. Mfumo wa faili haugawi nafasi kwa baiti moja moja. Huikata diski katika vipande vya ukubwa mmoja, tuviite bloku, na kila faili yenye maudhui hupewa bloku nzima nzima. Ni kama chumba cha gesti: ukilala peke yako kwenye chumba cha vitanda viwili, chumba kimechukuliwa chote. Kwenye ext4, mfumo unaotumika katika kompyuta nyingi za Linux, bloku ya kawaida ni baiti 4,096. Faili ya baiti 6 inachukua bloku moja. Faili ya baiti 4,097 inachukua mbili, na ile ya pili inabaki karibu tupu. Sehemu hiyo ya mwisho isiyotumika, ambayo hakuna faili nyingine inayoruhusiwa kuingia, ndiyo salio la bloku.

Amri ya stat huonyesha pande zote mbili kwa pamoja:

```
$ stat -c '%s %b %B' salamu.txt
6 8 512
```

Namba ya kwanza ni urefu wa maudhui, ile inayosomwa na ls. Ya pili ni idadi ya vipande vilivyotolewa, na ya tatu ni ukubwa wa kila kipande katika hesabu hiyo. Zidisha 8 kwa 512 unapata 4,096, na hapo ndipo du inapochukua jibu lake. Vipande hivi vya 512 ni kipimo cha kuhesabia tu. Usivichanganye na bloku halisi ya diski. Halafu kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu: ule mstari wa kwanza unaoandikwa total unapotazama folda nzima kwa ls -l haujumlishi urefu ulioorodheshwa chini yake. Unajumlisha nafasi iliyotolewa, kama du.

Sasa turudi kwa madodoso yetu. Kwenye diski ya ext4, faili 20,000 zikichukua bloku moja moja zinafika baiti milioni 81.9. Ni zaidi ya mara mbili na nusu ya maudhui, ila kwa diski ya kompyuta hilo halimsumbui mtu. Balaa liko kwenye flashi. Flashi ya gigabaiti 64 ikifomatiwa na Windows kwa exFAT bila kubadilisha chochote, bloku yake huwa kilobaiti 128, yaani baiti 131,072. Kila dodoso la baiti 1,500 linajitwalia bloku hiyo yote. Zidisha kwa 20,000: baiti 2,621,440,000, zaidi ya gigabaiti 2.6, kwa maandishi ya megabaiti 30.

Bloku kubwa hiyo haikuwekwa kwa uzembe. Ikiwa ya kilobaiti 128, flashi ya gigabaiti 64 ina bloku kama laki tano za kufuatilia. Ikiwa ya kilobaiti 4, zinafika zaidi ya milioni 15. Kwa anayehifadhi video, bloku kubwa ni nafuu tupu, kwani filamu ya megabaiti 700 ina salio kwenye bloku yake ya mwisho tu. Hasara inategemea wingi wa faili. Urefu wake ni jambo dogo.

Ukitaka kujua bloku ya flashi yako, iulize yenyewe:

```
$ stat -f -c %S /media/asha/FLASHI
131072
```

Dawa nyepesi ni kuzifunga faili zote ndani ya faili moja ya tar kabla ya kunakili. Tar nayo ina mzunguko wake, lakini ni wa baiti 512: kila dodoso linachukua 512 za maelezo na 1,536 za maudhui, jumla 2,048. Zote kwa pamoja zinakuwa kama megabaiti 41, na salio la flashi linabaki moja tu, mwishoni mwa faili hiyo. Unaweza pia kufomati flashi upya ukachagua bloku ndogo, ila kila kilichomo kitafutika.

Tofauti hii huweza pia kugeuka, ls ikataja kikubwa na du kidogo:

```
$ truncate -s 1G diski.img
$ ls -lh diski.img
-rw-r--r-- 1 asha asha 1.0G Mar  3 09:20 diski.img
$ du -h diski.img
0       diski.img
```

Hapa faili imetangaziwa urefu wa gigabaiti nzima, lakini hakuna kilichoandikwa ndani yake, basi mfumo haujatoa bloku hata moja. Diski za kompyuta pepe mara nyingi huwa na matundu ya namna hii. Ukiinakili faili kama hiyo kwenye flashi ya FAT32, isiyojua matundu, sifuri zote zinaandikwa kweli na gigabaiti yako inakwenda. Kabla ya kuhamisha folda, linganisha majibu haya mawili:

```
$ du -sh --apparent-size madodoso
$ du -sh madodoso
```

La kwanza linahesabu urefu, la pili nafasi. La pili likizidi sana, una faili ndogo nyingi. Likipungua sana, kuna matundu.

Salio la bloku lina upande mwingine, na huu unagusa siri za watu. Faili fupi inapopewa bloku ya kilobaiti 128 iliyowahi kutumika, mfumo huandika mwanzo wa bloku tu. Sehemu iliyobaki inaweza kuwa bado na mabaki ya faili iliyofutwa, na wapelelezi wa kompyuta huyasoma kwa programu zao. Kufuta faili hakuyaondoi. Hata kuijaza nafasi iliyo wazi kwa faili moja kubwa hakuyafikii, kwa sababu salio limo ndani ya bloku zenye mwenyewe. Kama flashi ilibeba majina na majibu ya waliohojiwa na sasa inakwenda kwa mtu mwingine, iandike sifuri yote mwanzo hadi mwisho, au tumia fomati kamili ya Windows badala ya ile ya haraka.