Logi ya jumla haitenganishwi

Logi ya namba ni kipeo kinachohitajika ili kizio kitoe namba hiyo. Kwa kuwa 10² ni 100, logi ya 100 katika kizio cha 10 ni 2. Namba zinapozidishwa, vipeo hujumlishwa: 10² × 10³ = 10⁵. Hapo ndipo inapotoka kanuni ya log(ab) = log a + log b. Lakini 100 + 1000 ni 1100 tu, na vipeo 2 na 3 havijumlishwi popote. Ndiyo sababu log(a + b) huachwa ilivyo. Wanaoitenganisha huichukulia “log” kama kizidishi kilicho nje ya mabano, kana kwamba wanafungua 3(a + b).

Chukua mlinganyo huu, logi zote zikiwa katika kizio cha 10:

log x + log(x − 3) = 1

Anayeitenganisha log(x − 3) kuwa log x − log 3 hupata 2 log x = 1 + log 3, yaani x² = 30, na jibu lake ni 5.477 hivi. Hatua zake zinafuatana vizuri, na kwa kuzisoma tu kosa linaweza kupita bila kuonekana. Jibu likirudishwa kwenye mlinganyo wa mwanzo, linajifichua: log 5.477 ni 0.7386, log 2.477 ni 0.3939, na jumla ni 1.1325 badala ya 1.

Njia sahihi huunganisha logi mbili kuwa log[x(x − 3)] = 1, hivyo x² − 3x = 10, na x ni 5 au −2. Hapa pia uhakiki haukwepeki. Kwa 5, log 5 + log 2 = log 10 = 1. Kwa −2 ingehitajika logi ya namba hasi, ambayo haipo katika namba halisi, basi −2 inaachwa ingawa imetokana na aljebra safi.

Anayetilia shaka kanuni yenyewe huijaribu kwa namba, na uchaguzi wa namba una uzito mkubwa. Akiweka 2 na 2, log(2 + 2) inalingana kabisa na log 2 + log 2, kwa sababu tu 2 + 2 na 2 × 2 zote ni 4. Vipeo navyo vina mtego huohuo: 2¹ + 2¹ = 2² inaonekana kuruhusu vipeo vijumlishwe, ilhali 2³ + 2⁴ ni 24, na 2⁷ ni 128. Ni salama zaidi kutumia namba mbili tofauti, kama 3 na 5, na kuziepuka 0, 1 na 2. Log 8 ni 0.9031, lakini log 3 + log 5 ni 1.1761, ambayo ni logi ya 15. Jaribio moja likikataa, kanuni imeanguka. Likikubali, bado haijathibitishwa.