Vidole Visivyofunguka: Viza ya Schengen kwa Mwenye Ulemavu na Msaidizi Wake

Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, katika kifungu chake cha 13, inamtaka anayeomba viza ya muda mfupi ya Schengen afike mwenyewe, apigwe picha na atoe alama za vidole vyote kumi. Watoto wa chini ya miaka 12 wamesamehewa. Wamesamehewa pia watu ambao maumbile au hali ya miili yao haiwezeshi alama kuchukuliwa. Mwenye vidole sita atatoa sita, na asiye na hata kimoja hatatoa chochote. Kifungu hicho kinazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa kulinda utu wa mwombaji pale uchukuaji wa alama unapokuwa mgumu.

Kwa hiyo sheria ipo. Tatizo ni kwamba anayekaa nyuma ya dirisha siyo aliyeiandika, na mara nyingi hata si mtumishi wa ubalozi. Nchi nyingi za Ulaya zimezipa kampuni kama VFS Global na TLScontact kazi ya kupokea fomu, ada na alama za vidole. Mhudumu wa kituo hana mamlaka ya kutoa viza wala kunyima, na akikutana na jambo lisilo la kawaida, lililo rahisi kwake ni kusema mfumo umekataa. Ndiyo maana karibu kila kitu anachokihitaji mwombaji mwenye ulemavu kinapaswa kuombwa kwa maandishi na kujibiwa kabla ya siku ya miadi.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wenye mambo yanayotokea kweli. Mwalimu wa Tanga mwenye mtindio wa ubongo anatumia kiti mwendo, mkono wake wa kulia umekunjamana ngumi, na maneno yake humchukua mgeni muda kuyazoea. Amealikwa kwenye mkutano wa siku tano mjini The Hague, Uholanzi. Atasafiri na mpwa wake, binti wa dada yake, anayeuza vitenge Ngamiani na ndiye anayemsaidia kuoga, kuvaa na kuhama kutoka kitini kwenda kitandani.

Maombi ya Schengen yanaweza kuwasilishwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, na unaweza kusogezwa hadi siku 45. Mwalimu anaanza miezi mitatu kabla, kwa sababu barua pepe ya kuomba marekebisho nayo ina safari yake. Anaiandikia idara ya viza ya ubalozi na kituo cha kupokea maombi kwa pamoja, hata kabla ya kulipia miadi, maana kurasa nyingi za kupanga miadi hazina mahali pa kueleza mahitaji ya namna hii.

Barua hiyo haihitaji historia ya maisha yake. Inahitaji kusema mwili unafanya nini na haufanyi nini mbele ya kaunta. Anaeleza upana wa kiti chake na kuuliza kama kinapita mlangoni na kwenye chumba cha picha, kama kuna lifti, na kama kamera inashuka hadi kimo cha mtu aliyeketi. Anaomba mpwa wake aruhusiwe kuingia naye, apewe miadi mirefu, na apokelewe hapohapo badala ya kukaa kwenye foleni saa nzima, kwani kukaa muda mrefu kunamzidishia mikakamao. Kisha anaeleza habari ya mkono: wa kushoto unafunguka, wa kulia haufunguki, na hali hiyo ni ya kudumu.

Neno hilo la kudumu lina uzito. Sheria inatofautisha asiyeweza kabisa na asiyeweza kwa sasa. Mwenye jeraha au bandeji atatakiwa kutoa alama atakapoomba tena, na ubalozi una haki ya kumuuliza maelezo zaidi. Mwenye hali ya kudumu hapaswi kuwekwa kwenye kundi hilo. Kifaa cha kawaida husoma vidole vinne vya mkono mmoja vikiwa vimelazwa bapa, kisha vinne vya mkono wa pili, kisha gumba mbili. Mkono wenye mikakamao ukilazimishwa kwenye kioo, picha hutoka na ukungu, na mhudumu anaweza kuandika kwamba alama ni hafifu. Hapo faili linaweza kurudishwa na mwombaji kuitwa upya kutoka Tanga hadi Dar es Salaam. Bora aombe vidole vijaribiwe kimojakimoja, vinavyopatikana vichukuliwe, na kwa visivyopatikana iandikwe kwamba haiwezekani kimwili, siyo kwamba alama ni mbovu. Nakala ya barua ya daktari inayotaja vidole vyenyewe iwekwe ndani ya faili, isiishie kuonyeshwa dirishani.

Jibu la barua pepe lichapishwe. Mlinzi wa getini hajaliona, na ni yeye atakayesema kwamba ndani anaingia mwenye miadi tu. Karatasi yenye jina la ofisi iliyojibu humpa kitu cha kumpelekea msimamizi wake.

Mahojiano hayafanyiki kwa kila mwombaji wa Schengen. Ubalozi huita pale unapoona sababu. Kwa mwalimu wetu hofu ni kwamba ofisa atageuka kumuuliza mpwa. Na mpwa akijibu mwenyewe, ofisa anaweza kujiuliza kama mwombaji anajua anakokwenda. Hili nalo huandikwa mapema: mwalimu atajibu mwenyewe, msaidizi atayarudia maneno yake kama yalivyo bila kuongeza, na pasipoeleweka mwalimu ataandika. Kama anaandikia kwenye simu au kishikwambi, aombe ruhusa ya kukiingiza, kwa sababu balozi nyingi huzuia vifaa vya umeme mlangoni. Kiziwi aulize kama mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania atatolewa na ubalozi au aje na wake. Asiyeona aombe asomewe tamko la mwisho la fomu lote kabla ya kutia sahihi, maana humo ndimo anapokubali taarifa zake zihifadhiwe.

Kwenye faili la msaidizi ndiko watu wengi hukwama. Hakuna viza ya msaidizi katika sheria ya Schengen. Mpwa ni mwombaji kamili: fomu yake, alama zake kumi, ada yake ya euro 90, bima yake ya safari isiyopungua euro 30,000, na uthibitisho wake kwamba atarudi. Viza ya mwalimu haimbebi. Kanuni inaruhusu ada kupunguzwa au kufutwa kwa sababu za kibinadamu katika kesi mojamoja, kwa hiyo kuomba si vibaya, ila ni hiari ya ubalozi na asiipangie bajeti.

Ofisa anayefungua faili la mpwa anamwona mfanyabiashara mdogo kijana anayekwenda Ulaya kwa mara ya kwanza, kwenye mkutano usiomhusu. Ukimwondoa mwalimu pembeni, picha hiyo haimpendezi. Hivyo maombi mawili yapelekwe siku moja, kila moja likiwa na barua inayotaja jina na namba ya pasipoti ya mwenzake na kuomba yasomwe kwa pamoja.

Waandaaji wa mkutano wanapaswa kumtaja mpwa kwa jina kwenye mwaliko, kwamba anakuja kama msaidizi binafsi wa mshiriki fulani, na waseme nani anamlipia nini. Hapa huzuka mgongano mbaya kuliko yote: mwaliko unasema waandaaji watagharimia “mshiriki”, barua ya mpwa inasema waandaaji watagharimia kila kitu, na hoteli imewekwa kwa mtu mmoja. Kwa ofisa, hizo ni hadithi tatu. Ikiwa mwalimu ndiye anayelipia nauli ya mpwa, aseme hivyo na aweke slipu zake za mshahara na taarifa za benki kwenye mafaili yote mawili. Chumba kiwe kimoja chenye vitanda viwili, na tarehe za ndege zilingane.

Undugu wao unathibitishwa kwa vyeti vitatu vya kuzaliwa: cha mpwa kinachomtaja mama yake, cha mama huyo, na cha mwalimu, viwili hivi vikionyesha wazazi walewale. Pale cheti kinapokosekana, kiapo cha mahakamani pamoja na barua ya serikali ya mtaa hujaza pengo, ingawa si kwa nguvu ileile. Msaidizi wa kuajiriwa badala ya ndugu ataleta mkataba wake na ushahidi kwamba amekuwa akilipwa. Kuhusu kurudi, mpwa ataweka leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, taarifa za miamala ya simu za miezi kadhaa, na vyeti vya wanawe kama anao.

Barua ya daktari inastahili kusomwa mara mbili kabla ya kupelekwa. Madaktari wetu, kwa nia njema, huandika kwamba mgonjwa anahitaji uangalizi wa kudumu wa kitabibu. Kwa ofisa wa viza sentensi hiyo inaibua swali la nani atalipa hospitali za Ulaya. Mwalimu si mgonjwa. Barua iseme hali yake ni tulivu, anaweza kusafiri, haendi kutafuta matibabu, na anahitaji mtu wa kumsaidia mambo kadhaa yanayotajwa moja baada ya jingine, mchana na usiku. Kama imeandikwa kwa Kiswahili, iambatane na tafsiri ya Kiingereza.

Kuna ushahidi mmoja ambao wengi huusahau, nao unatoka kwenye shirika la ndege. Mashirika huweza kumtaka abiria asiyeweza kujifungua mkanda au kufika mlango wa dharura bila msaada asafiri na mtu. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu abiria wenye ulemavu inalitambua hilo kwa sababu za usalama. Mwalimu akijaza fomu ya afya ya shirika na kupata jibu la maandishi kwamba lazima awe na mwenzake, mpwa haonekani tena kuwa mtu wa kudandia safari. Sheria hiyohiyo inampa msaada wa bure kwenye viwanja vya ndege vya Ulaya, mradi shirika liarifiwe angalau saa 48 kabla.

Viza zikitoka, nakala za mwaliko, barua ya daktari na bima zisafiri kwenye begi la mkononi. Askari wa mpakani ana haki ya kuuliza upya sababu ya safari hata kama viza ipo, na mashine yake itatafuta alama za vidole ambazo nyingine hazikuchukuliwa.

Inawezekana pia mwalimu akapewa na mpwa akanyimwa. Kunyimwa huja na karatasi yenye sababu zilizowekewa alama, na haki ya kukata rufaa. Kwa Uholanzi, pingamizi huwasilishwa ndani ya wiki nne. Kama sababu ni kwamba lengo la safari halikueleweka na mkutano u karibu, mara nyingi ombi jipya lenye mwaliko uliorekebishwa na barua ya shirika la ndege huwahi kuliko pingamizi. Kama sababu ni shaka ya kutorudi na muda upo, pingamizi lina maana, na nakala ya viza ya mwalimu ndiyo iwe karatasi ya kwanza kuambatanishwa.