Kimya Baada ya Jibu

Katika This Is Spinal Tap (1984), dokumentari ya kubuni ya Rob Reiner kuhusu bendi ya roki, mpiga gitaa anaonyesha kwa fahari amplifaya ambayo sauti yake inafika 11. Anaulizwa kwa nini 10 isifanywe kubwa zaidi. Anatulia, anawaza, kisha anarudia kwamba hii inafika 11. Kichekesho kimo katika kule kutulia. Mhariri akikukata, kichekesho chote kimekwenda.

Kwa hiyo kimya nacho kiandikwe kwenye skripti. Tuseme mwenyekiti wa mtaa anajisifu kwamba kisima kinatoa maji. Andika jibu lake, kisha picha inayofuata: foleni ya ndoo kavu. Mwigizaji aseme kama anayeamini kabisa, wala asitafute kicheko. Baada ya jibu, kamera iendelee kwa sekunde 10 na mwulizaji asiseme neno. Rekodi pia mikono yake na ukuta wa ofisi, maana bila picha za kufunika, jibu likifupishwa picha inaruka. Na mpiga picha asicheke: kicheko chake kitaingia kwenye maikrofoni, ndani ya sekunde zile zile unazozihitaji.